Sekunde 120: Mama aliongea dakika tisa, akasikika sekunde 16

Simu iliingia saa mbili na nusu usiku, taarifa ya habari ikiwa bado hewani. "Shikamoo mama," nikaanza. "Marahaba mwanangu. Sasa mbona umeninyofoa? Nimesimama na wewe kwenye maji mpaka miguu ikanywea, nimeongea weee, halafu naona sufuria langu limekaa kwenye TV kuliko mimi." Nyuma yake watu walikuwa wanacheka. Bila shaka familia nzima ilikuwa sebuleni.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Aliongea nami dakika tisa pale Jangwani, Dar es Salaam, asubuhi ya masika, mafuriko yamefunga barabara. Usiku ule alisikika kwa sekunde 16, tena kwa vipande viwili. Sufuria lake la wali lilimzidi.

Malalamiko ya aina hii nayasikia kila wiki, kwa wazee wa mtaa, kwa maofisa habari, hata kwa vijana wanaokuja kujifunza kazi. "Mmekata maneno yangu." "Mbona picha haziendani na anachosema?" "Kwa nini mnaongea juu juu hivyo?" Mengine yana haki na mengine yanatokana na kutoijua ile karatasi iliyo nyuma ya habari. Basi ngoja niifungue karatasi ya siku ile, sekunde kwa sekunde.

Pakeji ni nini hasa

Habari ya televisheni ina maumbo kadhaa. Hii ninayoizungumzia, tunaiita pakeji: habari iliyorekodiwa na kuunganishwa mwanzo mpaka mwisho, ambayo msomaji aliye studio anaitambulisha kwa sentensi mbili tatu kisha anaiachia ijiendeshe. Mara nyingi ni dakika mbili. Zile sentensi za msomaji hazimo ndani ya dakika mbili hizo, ila mwandishi wa pakeji ndiye anayeziandika, na lazima azikumbuke. Msomaji akishasema "Barabara ya Morogoro imefungwa" halafu pakeji nayo ikaanza na "Barabara ya Morogoro imefungwa", umeshapoteza sekunde mbili na heshima kidogo.

Ndani ya pakeji kuna sauti za aina nne. Voisi ni sauti ya mwandishi, ambayo anaisomea chumbani ikalazwa juu ya picha. Baiti ni kipande cha mahojiano, mtu anaonekana akisema kwa mdomo wake. Standapu ni pale mwandishi mwenyewe anaposimama mbele ya kamera. Na sauti ya mazingira ni maji, honi, mashine, watu wanaoitana, chochote ambacho mahali penyewe panasema bila kuulizwa.

Skripti ni karatasi ya safu mbili. Kushoto unaandika kinachoonekana, kulia kinachosikika, na mistari inakwenda sambamba. Ukiona skripti ambayo safu ya kulia imejaa na ya kushoto imeandikwa "picha mbalimbali", jua hiyo ni makala ya gazeti imekosea njia.

Zote 120 si za mwandishi

Kosa la kwanza la kila anayeanza, mimi nikiwamo, ni kudhani dakika mbili ni dakika mbili za kuongea. Siku ya Jangwani mgawanyo ulikuwa hivi: voisi yangu sekunde 58, baiti tatu jumla sekunde 30, standapu 12, na sauti ya mazingira 20. Kwa hiyo chini kidogo ya nusu ndiyo iliyokuwa yangu kuandika.

Sekunde 58 ni maneno mangapi? Mafunzo mengi ya Kiingereza hufundisha maneno matatu kwa sekunde. Ukiichukua kanuni hiyo ukaivisha Kiswahili, utasoma kama mtangazaji wa mpira dakika ya tisini. Neno letu linabeba mzigo mkubwa. "Walihamishiwa" tunalihesabu neno moja, lakini lina silabi sita, na Mwingereza angelitawanya kuwa maneno manne. Mimi nikisoma kwa mwendo wa habari, na pumzi zangu zote, napata maneno mawili kwa sekunde. Skripti yangu ya siku ile ilikuwa na maneno 113. Ujumbe wa shangazi kwenye kundi la familia ni mrefu kuliko huo.

Na tarakimu zinadanganya. Kwenye karatasi "2011" inaonekana kama neno moja, kompyuta nayo inaihesabu moja. Mdomoni ni "elfu mbili na kumi na moja", maneno sita, sekunde tatu zimekwenda. Ndiyo maana waandishi wa televisheni wenye akili zao huandika tarakimu kwa maneno kwenye safu ya kulia, kisha wanasoma kwa sauti huku saa inahesabu. Kusoma kimoyomoyo hakusaidii, kwa sababu moyo hauvuti pumzi.

Konda na dereva

Sasa tufike kwenye kiini, yaani maneno na picha kwenda pamoja. Watu wengi wanadhani kwenda pamoja ni maneno kutaja kilicho kwenye picha. Hata mimi nilidhani hivyo. Rasimu yangu ya kwanza ya siku ile ilianza hivi:

PICHA: Watu wakivushwa kwa mkokoteni.
SAUTI: Pichani ni wananchi wakivuka maji kwa kutumia mikokoteni katika eneo la Jangwani jijini Dar es Salaam kufuatia mvua kubwa zilizonyesha usiku wa kuamkia leo.

Fikiria daladala. Picha ni dereva: ndiye anayelipeleka gari, na abiria wote wanaona linakopita. Maneno ni konda. Konda anayekaa mlangoni akitangaza "tunapita mti, tunapita nguzo, tunapita mti mwingine" atashushwa na abiria wenyewe, maana wana macho. Unachotaka kutoka kwake ni kile usichokiona dirishani: gari hili linakwenda wapi, nauli ni kiasi gani, kituo kijacho ni kipi. Lakini kuna konda mbaya zaidi, yule anayeita "Posta, Posta" huku dereva anakata kona kwenda Mbagala. Huyo ndiye mwandishi anayesoma bajeti ya ukarabati wa barabara huku kwenye skrini mtoto anaogelea. Mtazamaji hawezi kufuata vyote viwili. Atamwangalia mtoto, na bajeti itapita kama honi ya nje.

Basi rasimu ile niliichana. Kwanza nikakaa na mhariri wa picha, tukazitazama picha zote tulizonazo kabla sijaandika neno. Huu ndio utaratibu ambao watu hawauamini: picha kwanza, maneno baadaye. Kameramani wetu alikuwa amepiga mkokoteni kwa mbali, kwa kati, kisha akainama akapiga magurudumu yakizama nusu, kila picha ameishikilia sekunde kumi bila kutikisika. Alikuwa pia amenasa mkono unatoa noti ya elfu mbili. Noti hiyo ndiyo iliyoniandikia mwanzo:

PICHA: Karibu, magurudumu ndani ya maji. Kisha kijana anavuta, uso.
SAUTI: Mazingira, sekunde 5: maji, "Pisha! Pisha!"

PICHA: Karibu, noti inabadilisha mikono. Kisha mbali, mkokoteni na abiria wawili.
SAUTI: Voisi, sekunde 12: Nauli ya hapa haina tiketi. Shilingi elfu mbili, kutoka ukingo wa Magomeni mpaka ukingo wa Fire. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa elfu moja.

Hakuna mahali niliposema "mkokoteni", "maji" wala "wananchi". Vyote vinaonekana. Nilichosema ni kile ambacho kamera haiwezi kukipiga, kwamba bei imepanda mara mbili tangu alfajiri. Hata hivyo sentensi inagusa picha, kwa sababu neno "nauli" linaangukia kwenye noti. Ukigusa picha mara moja mwanzoni mwa sentensi, mtazamaji anajua mko pamoja, na baada ya hapo una ruhusa ya kumpeleka mbele kidogo.

Kugusa huko kuna saa yake. Picha itangulie neno kwa kitambo kidogo, nusu sekunde hivi au zaidi kidogo. Noti ionekane, ndipo "nauli" isikike. Ikigeuka, neno likaja kabla ya picha, mtazamaji anaanza kuitafuta nauli kwenye magurudumu.

Kiswahili kina mtego wake hapa ambao vitabu vya wenzetu havina haja ya kuutaja. Sisi tunapenda sana "huyu", "hili", "pale", "hapo". Kwenye redio neno "hili" linarudi kwenye kilichotajwa nyuma. Kwenye televisheni "hili" ni kidole. Ukisema "daraja hili", kidole kimenyooshwa, na kama kwenye skrini hakuna daraja umenyoosha kidole hewani mbele ya taifa. Nikihariri skripti ya kijana, kitu cha kwanza ninachokizungushia kalamu ni hivyo viashiria, kisha natazama safu ya kushoto kuona kama kila kimoja kina kitu chake.

Nina dhana yangu kuhusu chanzo cha tabia hii. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini bara tulisubiri mpaka miaka ya tisini, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, habari kwetu ilikuwa redio, na sauti za redio ndizo zilizotufundisha habari inavyopaswa kusikika. Redio lazima ichore picha kwa maneno. Tulipopata picha zenyewe, hatukuacha kuchora.

Sauti ya mtu iseme nini

Turudi kwa mama. Wengi hudhani baiti ipo ili kuthibitisha taarifa, kwa hiyo wanatafuta kipande ambacho mtu anataja takwimu, tarehe na majina ya ofisi. Siku ile nilimhoji pia askari wa barabarani. Alinieleza vizuri kwamba njia ilifungwa alfajiri na mabasi ya mwendokasi yanageuzia Magomeni. Sikumtumia hata sekunde moja. Alichosema kilikuwa taarifa tupu, na taarifa tupu mimi naweza kuisema kwa maneno machache zaidi. Ikawa voisi yangu ya pili:

PICHA: Mbali, Barabara ya Morogoro imefunikwa na maji. Kati, basi la mwendokasi linageuza. Karibu, mtu ameshika viatu.
SAUTI: Voisi, sekunde 12: Barabara ya Morogoro imefungwa hapa Jangwani tangu alfajiri. Mabasi ya mwendokasi yanageuzia Magomeni. Anayekwenda mjini ana njia mbili: azunguke Salenda, au avue viatu.

Mama yeye aliniambia kitu ambacho mimi nisingeweza kukisema kwa niaba yake:

"Mimi nimeshapika. Wali upo kwenye hilo sufuria, maharage haya hapa. Nisipofika Kariakoo saa nne, hivi vyote nakula na nani?"

Hiyo ni baiti. Ina hasira, ina saa, ina mtu. Mimi ningesema "wafanyabiashara wadogo wameathirika kiuchumi", na hakuna ambaye angekumbuka.

Nilipomaliza kuiandika niliona nimejitegea mtego mwingine wa kawaida. Kabla yake nilikuwa nimeweka sentensi ya kumkaribisha: "Mama huyu anasema ameshapika chakula chake na asipowahi Kariakoo atapata hasara." Kisha mama anatokea na kusema yale yale. Ni kama mtu anayekuhadithia utani wote kabla hajamwachia mwenye utani. Nikaifuta. Voisi inaishia kwenye elfu moja ya alfajiri, mama anaingia moja kwa moja, na jina lake na kazi yake vinajitokeza chini ya skrini baada ya sekunde moja, vinakaa sekunde nne, vinaondoka. Jina likishaandikwa chini hapo, hakuna haja ya kulisoma.

Kwenye skripti baiti haiandikwi yote. Unaandika muda wake kwenye futeji, yaani picha ghafi tulizorekodi, kisha maneno ya kuingilia na maneno ya kutokea. Ya mama: inaanza 03:41, kuingia "Mimi nimeshapika", kutoka "nakula na nani?" Maneno ya kutokea ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu sentensi yangu inayofuata inapaswa kutoka pale alipoachia. Anapomaliza kwa kuuliza asipofika atakula na nani, mimi najibu kwa kusema njia ilivyo. Isome tena voisi ya pili ukiwa na swali lake sikioni, utaona inavyokaa.

Kukata si kupotosha, ila kisu ni kile kile

Hapa ndipo wengi wana mashaka, na wana sababu. Mtu anayekatwa katikati ya maneno anaonekana kichwa kikiruka ghafla kutoka kushoto kwenda kulia. Ili kuficha mruko huo tunaweka picha nyingine juu ya mshono: mikono, miwani, au kama siku ile, sufuria. Ndiyo siri ya sufuria kukaa sana hewani. Kipande cha mama kilikuwa na mshono, maana kati ya wali na maharage alisimama kumfokea mtoto wa jirani aliyekuwa anachezea mfuniko.

Kumwondoa yule mtoto hakumbadilishi mama. Lakini mshono ule ule unaweza kumbadilisha mtu kabisa, na mtazamaji hataona. Mhandisi tuliyemhoji kuhusu Mto Msimbazi, unaopita pale Jangwani, alisema hivi: "Hapa ni kama sahani. Maji ya Pugu, ya Ukonga, ya Tabata, yote yanakuja kukaa hapa. Na bahari ikiwa imejaa, hayana pa kutokea." Baiti ilinizidi kwa sekunde mbili, na jicho likaenda kwenye maneno "bahari ikiwa imejaa". Ukiyanyofoa unapata: "yote yanakuja kukaa hapa, na hayana pa kutokea." Fupi, kali, tamu. Na ni uongo, kwa sababu yeye hakusema maji hayana pa kutokea siku zote. Alitaja sharti: mvua kubwa ikutane na maji kujaa. Nikalibakiza sharti, nikakata neno langu mwenyewe kwingine.

Kipimo ninachokitumia ni rahisi. Namfikiria mwenye sauti amekaa kwenye kiti pembeni yangu wakati nakata. Akisema "mbona umefupisha", naendelea. Akisema "sikusema hivyo", narudisha.

Kisichopigika

Sehemu ngumu ya kila pakeji ni ile isiyo na picha. Kwa nini Jangwani na si kwingine? Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unakatiza jiji, unaingia bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda. Huwezi kusimama mahali ukaipiga safari yote hiyo. Hapo tukatumia ramani, mstari wa buluu unatembea kutoka Pugu kwenda baharini, na voisi ikatembea nao kwa mwendo ule ule:

SAUTI: Voisi, sekunde 11: Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Kabla ya kufika huko, unapita hapa, kwenye tambarare.

Neno "hapa" limeangukia pale mstari unapofika Jangwani, na ramani ikayeyuka ikawa maji halisi, kisha mhandisi. Ramani ni chombo kizuri mradi iwe na jambo moja tu. Yenye vitu vitano mtazamaji ataanza kutafuta nyumbani kwake.

Baada ya mhandisi nilitaka kukumbusha Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu wasiopungua 40 jijini, baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Maktaba tulikuwa na picha za wakati ule, mapaa yameshikiliwa na maji. Ni picha zenye nguvu mno, na hatari yake ndiyo hiyo. Mtu aliyewasha TV wakati huo, au aliyenyamazisha sauti akiwa benki kwenye foleni, ataamini mapaa yale yamezama leo asubuhi. Simu zitaanza kupigwa kwa ndugu. Kwa hiyo maandishi "Desemba 2011" yalikaa juu ya kona muda wote picha zile zilipokuwa hewani, siyo sekunde tatu za mwanzo tu, na voisi ilianza na tarehe kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha standapu. Nitasema wazi: nyingi hazina kazi. Mwandishi amesimama mbele ya jengo anatuambia kile ambacho voisi ingesema, ili mama mkwe amwone. Standapu inajitetea pale mwili wa mwandishi unapokuwa kipimo au unapoonyesha kitu. Siku ile palikuwa na ukuta wenye mstari wa tope. Kamera ikipiga ukuta peke yake, mstari ule unaweza kuwa wa magoti au wa paa, hujui. Nikasimama kando yake, nikaweka mkono: "Tope hili ni la usiku wa kuamkia leo. Maji yalifika hapa, kifuani kwangu. Sasa yameshuka mpaka gotini, na ndiyo maana watu wameanza kujaribu." Sekunde 12. Nilirudia mara nne kwa sababu bodaboda moja ilikuwa na mluzi wake.

Baada ya hapo nilinyamaza sekunde nane nzima. Mkokoteni unavuka, mama ameketi juu, sufuria amelipakata kama mtoto, maji yanapiga mbao. Mhariri wa picha aliniuliza kama nimesahau kuandika. Sikusahau. Mtazamaji alikuwa ameshapewa nauli, sababu, historia na kina cha maji, akahitaji mahali pa kuyaweka. Sauti ya mazingira ikiachwa peke yake namna hiyo inafanya kazi ya nukta na aya mpya.

Namna ya kugundua imekwenda vibaya

Kuna majaribio mawili tunayafanya kabla pakeji haijaondoka, na hayahitaji mtaalamu. La kwanza, zima sauti utazame picha tu. Ukielewa kwamba watu wanavuka, basi limegeuza, mama amefika, picha zina mnyororo wake. Ukiona vichwa vya watu vinabadilishana tu, umepiga mkutano. La pili, fumba macho usikilize. Ukielewa kila kitu, kila kitu kabisa, basi umeandika redio, na picha zimekuwa pazia. Skripti nzuri ikisikilizwa bila kuonekana inaacha matundu. "Nauli ya hapa haina tiketi", hapa wapi? Nauli ya nini? Matundu hayo ndiyo nafasi ya picha.

Yetu ilifaulu la kwanza, na la pili ilikaribia kulifeli kwenye sentensi za mwisho. Tulikuwa tumemfuata mama mpaka Kariakoo kwa miguu. Baiti yake ya pili ilikuwa ya sekunde nne tu, akishusha sufuria: "Nimefika. Wali umepoa, lakini nimefika." Nikamalizia:

PICHA: Kati, sufuria mezani. Mbali, viti vitupu chini ya mwavuli. Mwavuli wa jirani, umejaa.
SAUTI: Voisi, sekunde 12: Saa tano kasoro, sufuria limefika Kariakoo. Wateja wa asubuhi walikuwa wameshakula kwa jirani. Kisha jina langu, na Jangwani, Dar es Salaam.

Zikafuata sekunde saba za kijiko kikigonga sahani, na studio ikarudi.

Haya yote nilijaribu kumweleza mama kwenye simu, kwa ufupi, bila safu mbili wala mishono. Akasikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea wateja wasumbufu. Sekunde 16 alikubali. Sufuria alisamehe, tena akasema lilionekana limesuguliwa vizuri. Kilichomuuma kilikuwa kingine.

"Sasa mambo ya jirani yametokea wapi? Wateja wangu walirudi mchana, wali wote uliisha. Wewe ulikuwa umeshaondoka na kamera yako."

Nikamwambia skripti ilisema wateja wa asubuhi.

"Najua, mwanangu, nimesikia," akasema. "Lakini ni nani mwingine aliyelisikia hilo neno 'asubuhi'?"